Chanzo kasema "wanachama wote hawajapata", nimtumie meseji gani kabla stori haijatoka?

Kalamu_ya_Kirumba

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Mwanza, nauza stori kwa redio moja na tovuti moja. Nina stori ya kikundi cha akina mama wanaoanika na kuuza dagaa kwenye mwalo mmoja (jina nimeficha na vitu vingine nimevibadili makusudi, msianze kubashiri). Kikundi kilipata mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, wa kujenga vichanja na kununua dagaa wabichi. Mweka hazina wao, mama mtu mzima, alikubali kuongea na akakubali jina lake litumike. Nilimrekodi pale pale anageuza dagaa, upepo wa ziwa unapiga kwenye simu, nyuma kuna injini ya mtumbwi inawashwa inagoma inawashwa tena. Sentensi yenyewe hii hapa neno kwa neno:

"Hela zilitoka, lakini wanachama wote hawajapata, na mwenyekiti analijua, aliambiwa akanyamaza."

Mhariri ameisoma akanirudishia na swali moja tu, "hajapata nani?" Na kweli ukiitazama haieleweki. Inaweza kuwa hakuna hata mmoja aliyepata, inaweza kuwa wapo waliopata na wapo ambao bado. Zilitoka wapi, halmashauri zikaja kwenye akaunti ya kikundi au zilitoka kwenye akaunti zikaenda kusikojulikana? Na mwenyekiti yupi, maana pale mwaloni wenyeviti ni wengi kuliko mitumbwi, kuna wa kikundi, wa mtaa, wa BMU ile inayosimamia uvuvi mwaloni.

Stori inatakiwa kesho saa nne asubuhi. Nataka nimtumie hii:

"Shikamoo mama. Naomba kuthibitisha, ulisema hela za mkopo zilitolewa na mwenyekiti wa kikundi na wanachama hawakupewa kitu. Ni sawa? Stori inatoka kesho asubuhi."

Iko poa au niongeze kitu?

Sangara_Mkavu

Mkuu unahangaika nini sasa. Umerekodi, kakubali jina, sauti unayo, chapisha alivyosema kama alivyosema na ufunge mabano. Hayo ni maneno yake wewe si wakili wake. Ukianza kumuuliza "ulimaanisha nini mama" anaenda kulala nalo, anamwambia shemeji yake, shemeji anamwambia mwenyekiti, asubuhi unaambiwa "mwanangu ile stori iache tu". Nimeona mara nyingi hiyo.

Dawati_Zamani

Sangara ana nusu ya ukweli na nusu hiyo ni ya maana, kwamba maneno ya mtu hayaguswi. Lakini kuchapisha sentensi unayojua ina maana mbili huku ukijisemea "ni maneno yake" hakukutoi kwenye lawama, kwa sababu msomaji hatakaa nayo maana zote mbili kichwani, atachukua moja, na kwenye habari za hela atachukua ile mbaya. Halafu kumbuka kuna mtu ataandika kichwa cha habari, na kichwa hakina nafasi ya utata, kitasema AKINA MAMA WALIA MKOPO KULIWA na hapo tayari mhariri ameshachagua maana kwa niaba ya huyo mama. Redioni ni hivyohivyo, mtangazaji akisoma ataweka mkazo mahali na mkazo huo ndiyo maana.

Sasa tuje kwenye meseji yako. Isome tena taratibu. Umeandika "ulisema" halafu yanafuata maneno ambayo hakusema. Hakusema "zilitolewa na", kasema "zilitoka". Hakusema "mwenyekiti wa kikundi", kasema "mwenyekiti". Hakusema "hawakupewa kitu". Umechukua tafsiri yako moja kati ya zile nyingi, ukamwekea mdomoni, ukamuomba aseme ndiyo. Na mama wa Kisukuma mtu mzima aliyeamkiwa vizuri na kijana aliyesoma atakujibu "eeh mwanangu" kwa heshima tu, hata kama hajasoma meseji hadi mwisho. Hapo utakuwa na kitu kibaya kuliko utata, utakuwa na uthibitisho wa jambo ambalo halikusemwa.

Kabla hata ya meseji, fanya hivi. Rudi kwenye rekodi usikilize nusu dakika kabla ya hiyo sentensi na nusu dakika baada. Swali lako lilikuwa nini? Kabla ya hapo alikuwa anamzungumzia nani? Mara nyingi jibu limo humo humo ila tulikimbilia sentensi tamu.

Kalamu_ya_Kirumba

Nimeirudia sasa hivi na spika ya masikioni. Swali langu lilikuwa "vipi mama, mkopo umewasaidia?" yaani swali pana tu. Kabla ya hapo alikuwa anamsema mwenyekiti wa kikundi wa zamani ambaye alihamia Geita, kwa hiyo badala ya kupungua wenyeviti wameongezeka 😅. Kwenye "wanachama wote" kuna kapumzi kadogo hivi kabla ya "hawajapata" ila injini ndiyo inaungurumia hapo hapo, siwezi kuapa. Baada ya sentensi hiyo akaanza kuongelea bei ya mbao.

Dawati_Zamani

Hiyo bei ya mbao iandike pembeni, usiitupe. Mtu akitoka kwenye "hawajapata" akaingia kwenye mbao moja kwa moja anaweza kuwa bado yuko kwenye jambo lilelile.

Vijana_Watano_Ilemela

Samahani wakuu huo mkopo wa asilimia kumi unaombwaje na unachukua muda gani mpaka utoke, sisi ni vijana watano tuna wazo la kufuga samaki kwenye kizimba.

Sangara_Mkavu

Dogo huu uzi ni wa waandishi wa habari.

Afisa_Jamii_Mstaafu

Nitamjibu dogo chini huko, lakini swali lake limenikumbusha kitu ambacho mleta uzi amekipita. Mikopo hii ni asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba, na inakwenda kwa KIKUNDI. Inaingia kwenye akaunti ya kikundi kwa ajili ya mradi waliouandika kwenye andiko. Haigawanywi kichwa kwa kichwa kama mchezo wa kupeana. Kwa hiyo "wanachama hawajapata" hawajapata nini? Kama ni hela mkononi, basi pengine hawakutakiwa kuzipata tangu mwanzo na hakuna habari hapo, kinyume chake wangezipata ndiyo ingekuwa habari. Kama ni vichanja, au dagaa, au mgawo wa faida, hilo ni jambo lingine kabisa.

La pili, na hili liseme kwa adabu sana kwa huyo mama. Hela haitoki kwenye akaunti ya kikundi bila watia saini, na mweka hazina karibu siku zote ni mmoja wao. Kwa hiyo kama "zilitoka" maana yake zilitoka benki, yeye alisaini. Simtuhumu. Nasema tu kwamba ukimuuliza "ulimaanisha zilitoka wapi" atakuwa na sababu ya kupenda jibu moja kuliko lingine, hata bila kukusudia kudanganya.

Kalamu_ya_Kirumba

Dah. Hili la kusaini sikulifikiria kutokea upande huo.

Wakili_wa_Mtaani

Mimi ushauri wangu ni mmoja. Jilinde. Printi stori NZIMA, mpelekee aisome yote, asaini kila ukurasa, weka tarehe. Kesho wakikuburuza kwa kashfa au wakikupeleka Baraza la Habari unatoa karatasi mezani. Kesi imeisha.

Dawati_Zamani

Kuwa na ushahidi kwamba ulihakiki, hapo niko na wewe. Kumpa chanzo stori nzima asaini, hapana. Kwanza ndani ya stori kuna maneno ya watu wengine, wengine wamekuambia kwa siri, unayapeleka mezani kwa mhusika mmoja. Pili saini yake haimzuii mwenyekiti kukushtaki, maana anayekashifiwa ni mwenyekiti. Tatu ukishampa mtu karatasi na kalamu hatakusaidia kueleza, atakuwa anahariri. Atafuta lile kali, ataongeza shukrani kwa diwani. Wenzetu walishapita huko, New York Times mwaka 2012 waliwakataza waandishi wao kukubali masharti ya chanzo kupitisha nukuu kabla ya kuchapwa, baada ya tabia hiyo kuzoeleka kwa wanasiasa wa Washington. Ila kukataza huko hakukuwa na maana kwamba usimrudie mtu kumuuliza alichosema. Anayeidhinisha anakuwa na turufu ya kukataa, anayefafanua anakuongezea taarifa tu. Meseji yako ndiyo itaonyesha umempa lipi.

Ukiandika "naomba upitie nukuu yako kama uko sawa nayo" umeshampa turufu. Ukiandika "ulimaanisha nini" umemkaribisha aijadili upya kauli yake. Muulize KILICHOTOKEA. Nani alikwenda benki, waliopata ni kina nani, walipata kitu gani, mwenyekiti wa wapi, nani alimwambia. Mtu akijibu kilichotokea, utata wa sentensi unakufa wenyewe, na kama anarudi nyuma utamsikia anarudi nyuma.

Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo mama. Ni mimi (jina), mwandishi tuliyeongea jana vichanjani. Kuna sentensi yako moja sijaielewa vizuri na nataka niiandike sawasawa. Ulisema hivi: 'Hela zilitoka, lakini wanachama wote hawajapata, na mwenyekiti analijua, aliambiwa akanyamaza.' Naomba unieleze: hela zilitoka wapi zikaenda wapi? Wapo wanachama waliopata chochote, na kama wapo ni wangapi na walipata nini? Mwenyekiti uliyemtaja ni wa wapi, na nani alimwambia? Jibu kwa maneno yako hata kwa sauti. Usilolijua niambie hulijui. Stori inakwenda kwa mhariri kesho saa nne. Nisipokupata nitaandika yale tu niliyo na uhakika nayo."

Maneno yake yamo kama yalivyo. Hakuna swali la ndiyo na hapana linalomtega. "Sijaielewa" ni kwako wewe, humwambii ameongea vibaya. Na ile ya mwisho ni muhimu, usije ukaandika "usipojibu nitachukulia ni sawa". Mtu yuko mwaloni simu haina chaji, kimya chake hakimaanishi chochote.

Sangara_Mkavu

Hiyo ya mwisho bado ni turufu mzee. Akinyamaza tu sentensi imekufa.

Dawati_Zamani

Haijafa yote. Akinyamaza bado una haki ya kuandika kwamba mweka hazina anasema kuna malalamiko ya wanachama kuhusu mkopo. Hilo liko wazi kwa maana zote. Kinachosubiri ni nani hakupata na mwenyekiti gani. Ni kweli stori inakuwa chapwa kidogo, lakini hakuna atakayeamka kesho akatajwa kwa kosa la mwenyekiti mwingine.

Mama_Vichanja

Naomba niingilie nyie wasomi. Mimi ndiyo hao mnaowaita chanzo, naanika dagaa miaka yote. Hiyo meseji ndefu hata ikiwa nzuri vipi HAIFAI. Simu yangu anashika mjukuu, meseji ikiingia anaisoma kwa sauti mbele ya wateja "bibi, kuna mtu anasema hela zilitoka na mwenyekiti akanyamaza". Mwalo mzima umesikia kabla sijakausha mikono. Na ikishaandikwa inapigwa picha inatumwa kwenye grupu la kikundi, basi mimi ndiyo nimeshafukuzwa.

Na mimi yamenikuta. Alikuja mtu wa redio akaniuliza usafi wa dagaa nikamwambia "dagaa wote hapa hatuwaaniki mchangani". Nilikuwa najisifu, kwamba hapa kwetu sote tumehamia vichanja. Ikasomwa redioni kwamba mama mmoja amekiri SI WOTE wanaoanikwa kwenye vichanja. Mteja wangu wa Shinyanga akanipigia anauliza mbona unaniuzia mchanga. Nilimtafuta yule kijana akanichezesha rekodi, kweli nimesema hivyohivyo, sasa nimshtaki nani? Angepiga simu dakika moja akaniuliza "kuna hata mmoja anayeanika chini?" yangeisha.

Dawati_Zamani

Mama umetufunga goli. Na umetoa swali bora kuliko yangu yote, "kuna hata mmoja?". Hilo hapo halina njia mbili za kulijibu.

Kalamu, nabadilisha ushauri wa njia, maswali yabaki. Meseji iwe fupi isiyo na kitu ndani, kazi yote ifanyike kwa simu, na uombe ruhusa ya kurekodi. Halafu msomee sentensi yake kama ilivyo, polepole, nyamaza. Wengi wakisikia maneno yao wanajisahihisha wenyewe kabla hujauliza.

Kalamu_ya_Kirumba

Nimetuma hii muda huu:

"Shikamoo mama, ni (jina), yule mwandishi wa jana. Kuna kitu kimoja ulichoniambia nataka nikiweke sawa kabla hakijatoka kesho. Saa ngapi utakuwa peke yako nikupigie? Ni dakika chache."

Swali dogo wakati nasubiri, nimpigie mwenyekiti wa kikundi sasa hivi nipate upande wake, maana muda unakwenda?

Dawati_Zamani

Usimpigie. Hujui bado kama ndiye. Ukimpigia asiyehusika ukamwambia "unatajwa kunyamazia malalamiko" umeshamchoma mama kwa mtu ambaye hakumtaja. Mama kwanza, mwenyekiti baadaye, hata kama ni dakika kumi baadaye.

Wakili_wa_Mtaani

Mimi bado nasema saini. Mtakuja kunikumbuka.

Afisa_Jamii_Mstaafu

@Vijana_Watano_Ilemela dogo, anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, sajilini kikundi kwanza, na hilo wazo la kizimba liwe andiko lenye gharama, chakula cha samaki ndiyo kitawamaliza msipokipigia hesabu.

Kalamu_ya_Kirumba

Asubuhi njema wadau. Kajibu usiku kwa sauti, "nipigie alfajiri kabla dagaa hawajafika". Nimempigia, kakubali nirekodi. Nawapa mrejesho maana umenishangaza.

Nimemsomea sentensi nikanyamaza kama nilivyoambiwa. Kacheka, kasema "eeh ndiyo nilisema". Basi. Hakujisahihisha hata kidogo 😂 kwake iko wazi kabisa.

Nikauliza hela zilitoka wapi. Kasema "zilitoka benki mwanangu". Nikabaki na utata uleule, benki kuja kwao au benki kuondoka. Nikamuuliza, mama siku hiyo nani alikwenda benki? Hapo ndipo mambo yakafunguka: "tulikwenda watatu, mimi na katibu na mwenyekiti wetu, tukasaini, tukampa fundi wa vichanja na nyingine tukanunulia mbao." Kwa hiyo Afisa uko sahihi, alisaini, na kanitajia mwenyewe bila kujificha.

Nikauliza la Mama_Vichanja, kuna hata mmoja aliyepata? "Wapo bwana! Upande wa juu saba wana vichanja tayari, sisi wa chini watano bado, mbao zilipanda hela ikaishia." Yaani wote hawajapata = si wote waliopata, na kinachosubiriwa ni vichanja, hela haimo. Meseji yangu ya jana ingekuwa imeshatoa stori ya wizi.

Mwenyekiti ni wa MTAA. Wala si wa kikundi. Nikauliza nani alimwambia, kasema "nilisikia alielezwa kwenye kikao, mimi sikuwepo, nilikwenda msibani Magu". Halafu kaongeza "na hilo la kunyamaza litoe mwanangu, ni jirani yangu."

Sasa hapo ndipo nimekwama. Nitoe au nisitoe?

Sangara_Mkavu

SI NILISEMA. Ameshafikiwa huyo. Usiku huohuo mtu kaongea naye. Rekodi ya kwanza ndiyo ya kweli, mtu husema kweli kabla hajaogopa. Weka.

Mama_Vichanja

Wewe Sangara unaongea kwa sababu huishi mtaa huo. Yeye atakutana na huyo mwenyekiti kisimani kila siku.

Dawati_Zamani

Tenganisheni vitu viwili. "Ni jirani yangu" si sababu ya kukulazimisha utoe, alikubali kuongea kwa jina na alijua unarekodi, ila ni jambo la kulipima kibinadamu. Lakini "sikuwepo, nilisikia" ni sababu nzito, na hiyo haihusiani na woga wake. Kwa hiyo "aliambiwa akanyamaza" kwa mdomo wake ni maneno ya kusikia. Ukiyaweka kama yalivyo unamfanya shahidi wa kikao ambacho hakukihudhuria. Tafuta aliyekuwepo kwenye kikao. Ukimpata, stori ya mwenyekiti inasimama bila yeye. Usipompata, huna.

Na usichanganye rekodi mbili. Usichukue "hela zilitoka" ya juzi ukaunganisha na "benki" ya leo ndani ya alama moja za kunukuu kana kwamba alisema kwa pumzi moja. Tumia ya simu, andika kwamba alipoulizwa zaidi kwa simu alisema hivi. Rekodi zote mbili zitunze, ile ya kwanza usiifute kwa sababu umepata nzuri zaidi.

Sangara_Mkavu

Na kama wasomaji wakiuliza kwa nini mwenyekiti hayumo?

Dawati_Zamani

Hawawezi kuuliza habari ya mtu wasiyemjua, ila mhariri atauliza na jibu lipo.

Kalamu_ya_Kirumba

Nimempigia mwenyekiti wa mtaa pia, sikumtaja mama, nimemuuliza tu kama malalamiko ya vichanja yamewahi kufika kwake. Kasema yalifika na aliwaelekeza kwa afisa wa kata, hakumbuki tarehe. Katibu wa kikundi alikuwepo kwenye kikao hicho ila simu yake inaita tu haipokelewi.

Nilichompa mhariri saa nne kasoro ni hiki:

"Mweka hazina wa kikundi hicho alisema fedha zilitolewa benki na viongozi watatu akiwemo yeye, zikalipia fundi na mbao. 'Upande wa juu saba wana vichanja tayari, sisi wa chini watano bado, mbao zilipanda hela ikaishia,' alisema kwa simu. Mwenyekiti wa mtaa alisema malalamiko yalimfikia na aliyaelekeza kwa afisa wa kata."

"Akanyamaza" nimeitoa. Mhariri kalalamika kwamba stori imepoa, kaipeleka ukurasa wa ndani wa tovuti, redioni haikusomwa kabisa.

Sangara_Mkavu

Umeona sasa? Ungeweka ya kwanza ingekuwa taarifa ya saa saba mchana.

Wakili_wa_Mtaani

Na ingekuwa barua ya wakili saa nane.

Afisa_Jamii_Mstaafu

Mimi stori naona ndiyo kwanza imeanza. Kikundi kiliandika andiko la mradi lenye gharama za vichanja vya wanachama wote, hela ikatoka, vikajengwa saba. Mbao hupanda, sawa, lakini mle ndani kulikuwa pia na fungu la kununulia dagaa wabichi, umesema mwenyewe kule juu. Kwenye maelezo ya mama dagaa hawajatajwa kabisa, ni fundi na mbao tu. Umeona andiko? Umeona taarifa ya benki? Risiti za mbao?

Kalamu_ya_Kirumba

La dagaa sikumuuliza, nitamuuliza. Andiko sina, taarifa ya benki sina. Mama kasema risiti anazo katibu kwenye daftari la kikundi, na Jumamosi wanakutana pale pale vichanjani, kanikaribisha. Nikifika nitaanza na katibu maana ndiye aliyekuwa kwenye kikao, ila sijajua kama nimuombe daftari mbele ya wenzake au nimvute pembeni, hao wa upande wa chini watano watakuwepo wote.

Mama_Vichanja

Muombe mbele yao.

Dawati_Zamani

Mimi ningemvuta pembeni kwanza.